Deni, mnunuzi au kodi: uchague koloni lipi kueleza mdororo wa miaka ya 1930?

Anayetaka kueleza jinsi mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ulivyomfikia mkulima wa koloni hukutana na tatizo moja mapema sana: mifano ni mingi, na kila mmoja unaonekana kusema jambo lile lile. Bei zilianguka, wakulima wakateseka. Ukiishia hapo hujaeleza kitu. Mkulima wa mpunga wa Burma, mkulima wa kakao wa Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo) na mkulima wa kahawa au pamba wa Tanganyika wote walipigwa, lakini kila mmoja kwa njia yake, na majeraha yao hayakufanana. Kwa mwalimu anayeandaa somo, mwanafunzi anayechagua mada ya tasnifu, au mwandaaji wa kipindi cha redio, mfano atakaouchagua ndio utakaoamua ataweza kueleza nini.

Nitaipima mifano hii mitatu kwa maswali yale yale. Ni kitu gani kilichomfunga mkulima na soko la dunia? Pigo lilipitia wapi hadi kufika shambani? Yeye alijibu vipi? Na mfano huo unamfaa nani, ukiwa na upungufu gani?

Kabla ya kuachana njia, tuone mahali ambapo zote zinaanzia. Bei za mazao mengi zilikuwa zimeanza kulegea tangu katikati ya miaka ya 1920, kwa sababu ardhi nyingi ilikuwa imefunguliwa na shehena zilikuwa zinarundikana maghalani. Shehena zile zilishikiliwa kwa mikopo ya benki. Mwaka 1928 fedha za Wamarekani, ambazo zilikuwa zikikopeshwa nje, zilianza kubaki nyumbani kwa sababu soko la hisa la New York lilikuwa likilipa zaidi. Soko hilo lilipoanguka Oktoba 1929, wafanyabiashara waliokuwa na shehena za mkopo walilazimika kuuza haraka ili walipe. Kila aliyeuza alishusha bei, na bei iliyoshuka ilimsukuma mwingine naye auze. Juni 1930 Marekani ilipandisha ushuru wa forodha, nchi nyingine zikajibu kwa ushuru wao. Mei 1931 benki kubwa ya Vienna, Creditanstalt, ilitikisika, hofu ikahamia Ujerumani, kisha London, na tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza ikaiondoa pauni kwenye dhahabu, yaani ikaacha kuibadilisha kwa dhahabu kwa kima kisichobadilika. Kufikia 1933 thamani ya biashara ya dunia, ikipimwa kwa dhahabu, ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya 1929.

Hayo yalitokea mbali. Sasa tufuate njia tatu hadi shambani.

Burma: mkulima aliyefungwa kwa deni

*Kilichomfunga.* Delta ya mto Irawadi ilikuwa ghala la mchele la Asia. Ilifunguliwa kwa kasi tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na kufyeka msitu wa kinamasi, kununua maksai na kulipa vibarua kulihitaji fedha. Benki za Wazungu mjini Rangun hazikumkopesha mkulima mdogo. Waliomkopesha ni Wachetiari, jamii ya wakopeshaji kutoka nchi ya Watamil kusini mwa India, ambao walikuwa na ofisi hadi katika miji midogo ya delta. Fedha zao zilitoka kwenye mitaji ya familia, amana za ndugu na jamaa, na kwa sehemu mikopo kutoka benki za Rangun. Mnyororo ulikuwa mmoja: benki, mkopeshaji, mkulima. Rehani ilikuwa shamba lenyewe.

*Pigo lilivyofika.* Hapa inafaa tufanye hesabu, kwa mkulima wa kubuni lakini wa aina iliyokuwepo. Mwanzo wa mvua anakopa rupia 500 kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi. Baada ya miezi minane, mavuno yanapouzwa, anadaiwa rupia 560. Ana vikapu 500 vya mpunga vya kuuza. Vikapu mia vikiwa rupia 160, anapata 800, analipa deni na anabaki na 240 za nguo, mafuta, kodi na sherehe za pagoda. Bei ikishuka nusu, vikapu mia kwa rupia 80, anapata 400. Hata akitoa kila senti bado anadaiwa 160, na hajala.

Bei ya mpunga ilishuka namna hiyo hiyo na zaidi, na pigo kubwa lilikuja mwishoni mwa 1930, wakati mavuno yanaingia sokoni. Angalia kilichobadilika na kisichobadilika. Mvua ilinyesha, mpunga ukaota, vikapu vilikuwa vile vile. Deni nalo lilibaki vile vile kwa rupia. Kilichobadilika ni idadi ya vikapu vya kulilipa: vikapu 350 vilivyotosha mwanzo vikawa 700.

Mkopeshaji naye alibanwa. Shamba aliloshika rehani lilipoteza thamani pamoja na mpunga, na waliomkopesha yeye walitaka fedha zao. Kwa hiyo msimu uliofuata hakukopesha kama zamani. Wengi wanaosimulia habari hii huruka jambo hilo: pigo la pili, la kukosa mkopo mpya wa kulimia, liliwaumiza hata wakulima ambao wangeweza kuvumilia bei mbaya ya mwaka mmoja. Mchetiari alitaka fedha yake irudi na izunguke, hakuja delta kuwa bwana shamba. Lakini fedha haikuwepo, akachukua rehani. Katika wilaya 13 kuu za mpunga za Burma ya kusini, Wachetiari walimiliki asilimia 6 ya ardhi iliyolimwa mwaka 1930. Kufikia 1937 walimiliki asilimia 25. Ndani ya miaka saba, robo ya ardhi bora ya nchi ilikuwa mikononi mwa wakopeshaji, na waliokuwa wenye mashamba wakawa wapangaji juu ya ardhi waliyoifyeka baba zao.

*Alivyojibu.* Tarehe 22 Desemba 1930, katika wilaya ya Tharawadi, uasi ulilipuka chini ya Saya San, aliyewahi kuwa mtawa na mganga wa dawa za kienyeji. Malalamiko makubwa ya waliomfuata yalihusu kodi ya kichwa, ambayo serikali ilikataa kuiahirisha huku bei ikianguka. Uasi ulienea wilaya nyingi, ukahitaji maelfu ya askari kuuzima, na Saya San alinyongwa Novemba 1931. Hasira nyingine iliwageukia Wahindi. Mei 1930 kulikuwa na mauaji bandarini Rangun kati ya vibarua wa Kiburma na wa Kihindi, na chuki dhidi ya mkopeshaji ilikua kadiri ardhi ilivyobadili mikono.

*Inamfaa nani.* Huu ndio mfano wa kuchagua ikiwa unataka kuonyesha benki na mikopo ikifanya kazi yake yote, kutoka jijini hadi kwenye tuta la mpunga. Takwimu ya 6 na 25 inasema kwa sekunde moja kinachochukua ukurasa kueleza. Upungufu wake ni kwamba unaweza kukuvuta umfanye mkopeshaji wa Kihindi kuwa chanzo cha kila kitu. Yeye alikuwa kiungo cha kati. Serikali iliyoshikilia rupia moja kwenye kima cha juu cha peni 18 za Uingereza tangu 1927 na kudai kodi yake kwa ukamilifu ina sehemu kubwa ya lawama, na somo likikosa hilo linapotosha.

Pwani ya Dhahabu: mkulima aliyefungwa kwa mnunuzi

*Kilichomfunga.* Hapa ardhi ilibaki mikononi mwa Waafrika, na hapakuwa na kodi ya kichwa kwa kila mwanamume. Serikali ilipata mapato yake zaidi kwenye forodha, ukiwemo ushuru wa kakao inayotoka. Mkulima alikuwa huru kuliko wenzake wawili wa ulinganisho huu, isipokuwa mahali pamoja: kakao yake ilikuwa na mlango mmoja mwembamba wa kutokea. Koloni hili lilitoa zaidi ya theluthi moja ya kakao yote ya dunia, lakini karibu yote ilinunuliwa na kampuni chache za Ulaya. Mwaka 1929, kwa muungano wa kampuni mbili kubwa, ilizaliwa United Africa Company, na mlango ukazidi kuwa mwembamba.

*Pigo lilivyofika.* Benki hazikumkopesha mkulima. Ziliikopesha kampuni, kampuni ikampa wakala fedha za msimu, wakala akamtangulizia mkulima kwa ahadi ya kakao. Mdororo ulipokuja, bei ya Liverpool na New York ilishuka, lakini nauli ya meli, ushuru, magunia, lori na faida ya kila mkono havikushuka kwa kiasi hicho. Tuseme mzigo wa ratili 60 ulikuwa shilingi 20 Ulaya na gharama za njiani shilingi 6: mkulima alipata 14. Bei ya Ulaya ikishuka nusu hadi 10, na gharama zikabaki 6, mkulima anapata 4. Dunia imepoteza nusu, yeye amepoteza zaidi ya theluthi mbili. Hesabu hii, ambayo ni ya mfano tu, inaeleza kwa nini wakulima waliona wanaibiwa hata pale ambapo bei ya dunia yenyewe ilikuwa imeanguka kweli.

Deni lilikuwepo pia. Mashamba mengi ya kakao yaliwekwa rehani, na aliyeshika rehani alichuma kakao hadi deni liishe. Lakini aliyeshika rehani mara nyingi alikuwa mkulima mwenzake aliyefanikiwa au mfanyabiashara wa mji wa karibu. Ndiyo maana hapa huoni ardhi ikihamia kwa jamii ya wageni kama delta ya Irawadi.

*Alivyojibu.* Jibu lake lilikuwa kugoma kuuza. Msimu wa 1930 hadi 1931 wakulima, wakiungwa mkono na baadhi ya machifu, walikataa kupeleka kakao kwa kampuni. Mgomo ule haukudumu. Wenye madeni hawakuweza kusubiri, na kakao si dhahabu: ikikaa vibaya katika unyevu huota ukungu, nayo ghala nzuri zilikuwa za kampuni.

Mwaka 1937 kampuni kubwa zilifanya mapatano ya siri ya kugawana ununuzi na kutoshindana kwa bei. Siri ikavuja, na safari hii mgomo ulikuwa wa aina nyingine. Machifu wa Ashanti na wa kusini waliufunga kwa viapo, wakulima wakasusia na bidhaa za maduka ya kampuni hizo, na kakao haikusogea hadi Aprili 1938. Serikali ya Uingereza ilituma tume ya uchunguzi chini ya William Nowell, ambayo iliyakosoa mapatano yale na kukubali kwamba ununuzi ulihitaji kupangwa upya. Kutoka hapo njia inaelekea kwenye bodi ya kakao iliyoundwa 1947.

*Inamfaa nani.* Ukitaka kuonyesha nguvu ya soko, na mkulima kama mtu anayepanga na kupigana kwa akili, basi uchague huu. Unafaa pia kwa kikundi cha ushirika kinachojadili bei leo, kwa sababu sababu za kushindwa kwa mgomo wa kwanza na kufaulu kwa wa pili zinaweza kuchambuliwa moja moja. Upungufu wake: unamwonyesha zaidi mwenye shamba. Kibarua aliyetoka kaskazini na kulipwa kwa fungu la mavuno, mara nyingi theluthi moja, anafichika nyuma ya neno "mkulima", na yeye hakuwa na sauti katika viapo vya machifu.

Tanganyika: mkulima aliyefungwa kwa kodi

*Kilichomfunga.* Wengi wetu tuna babu aliyeishi haya, na kwa hiyo tunadhani tunayajua. Mkulima wa Tanganyika hakuwa na mkopo wa benki. Sheria ya kikoloni ya kuzuia mikopo kwa Waafrika ilifanya iwe vigumu kwa mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali cha serikali, kwa hiyo hakuna aliyemkopesha kiasi kikubwa. Alichokuwa nacho ni kodi. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilitakiwa kwa shilingi, kila mwaka, na shilingi ilipatikana kwa kuuza zao au kuuza nguvu zake.

*Pigo lilivyofika.* Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mkonge, zao kubwa la nchi. Tani moja iliyouzwa kwa zaidi ya pauni 30 mwaka 1929 ilikuwa imeshuka hadi karibu pauni 12 mwaka 1932. Mashamba ya Tanga na kando ya reli yaliachisha manamba na kukata ujira wa kipande. Mtu wa Songea au Kigoma aliyekuwa akienda pwani kutafuta kodi alirudi bila kitu, na wilaya ambayo haikulima hata kilo moja ya mkonge ikapigwa na bei ya mkonge.

Njia ya pili inakaa ndani ya fedha yenyewe, na ni nadra kufundishwa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyokuwa London, na iliingia mzunguko pale tu benki ilipokabidhi pauni. Mazao yakiuzwa kidogo nje, pauni zinapungua, na shilingi mpya hazitoki. Za zamani nazo zinarudi kwa bodi wakati benki zinahamisha fedha kwenda London. Hakuna gavana aliyehitaji kuamua chochote. Fedha ilikauka yenyewe, na mwenye duka wa Kihindi aliyekuwa akinunua mazao kijijini akawa hana sarafu ya kununulia, au akanunua kwa kubadilishana nguo na chumvi.

Kodi haikuyeyuka hivyo. Mtu aliyelipa kodi kwa gunia moja sasa alihitaji mawili. Serikali, iliyokuwa na madeni ya reli ya kulipa, ilijibu kwa kampeni ya kulima zaidi chini ya gavana Stewart Symes, aliyeanza kazi 1931. Pamba na kahawa zikaongezeka kwa uzito huku bei ikiwa chini. Ukisoma takwimu za tani peke yake utadhani ni miaka ya neema.

*Alivyojibu.* Asiyeweza kulipa alipelekwa kwenye kazi za serikali badala ya kodi. Wengine walihama wakati wa ukusanyaji. Kilimanjaro, ambako wakulima wa Kichaga walikuwa na chama chao tangu 1925, serikali ilikibadili kuwa chama cha ushirika, KNCU, kilichoanza 1933. Sheria ikamlazimisha mkulima kukiuzia kahawa yake, na bei ilipokuwa mbaya hasira ikakigeukia chama: mwaka 1937 ghasia zilitokea Kilimanjaro, na mwaka huo huo Bukoba wakulima walipinga kanuni za lazima za kutunza kahawa.

*Inamfaa nani.* Kwa darasa la Tanzania huu una faida ambayo hakuna mwingine anayo: maghala ya ushirika bado yanaonekana, na hadithi za manamba bado zinasimuliwa majumbani. Unafaa hasa ukitaka kuonyesha dola ikiwa ndiyo inayopitisha pigo. Haufai sana kueleza benki, kwa sababu benki hapa inaonekana kwa kivuli tu, kupitia sarafu. Na ukiutumia peke yake, ongeza Kenya kwa aya moja: huko walowezi wa Kizungu walipewa ruzuku za mahindi na benki ya ardhi iliyoanza 1931 kuwakopesha, wakati Mwafrika aliendelea kudaiwa kodi. Mdororo mmoja, serikali moja, milango miwili.

Kujua uko kwenye njia ipi

Ukipata koloni lingine nje ya haya matatu, tafuta alama tatu. Angalia daftari la ardhi: mashamba yakibadili wamiliki kwa wingi kati ya 1930 na 1937, uko kwenye njia ya deni. Angalia pengo kati ya bei ya bandari ya Ulaya na bei ya kijijini: likipanuka, au likibaki pale pale huku bei ya dunia ikianguka, uko kwenye njia ya mnunuzi. Angalia uzito wa mazao yaliyosafirishwa: ukipanda wakati bei inashuka, uliza nani aliyekuwa akidai fedha taslimu, na mara nyingi utakuta kodi. Koloni moja linaweza kuwa na alama zaidi ya moja. Burma ilikuwa na kodi pia, na ndiyo iliyowasha moto wa Tharawadi.

Kwa hali yako

Kama una kipindi kimoja cha dakika 40 na wanafunzi wa kidato cha nne, chukua Tanganyika, na utumie robo ya muda kwenye sarafu, maana ndiyo sehemu ambayo hawataipata kwingine.

Kama unaandika tasnifu ya uchumi au unataka kufuata fedha kutoka benki hadi shamba, Burma itakulipa kazi yako. Jiandae tu kusoma historia ya Wachetiari kwa haki, pamoja na walivyopoteza karibu kila kitu baada ya Wajapani kuingia 1942.

Kama unazungumza na wakulima wenyewe, kwenye mkutano wa chama cha msingi au redioni, anza na Pwani ya Dhahabu. Watauliza kwa nini mgomo wa 1930 ulivunjika, na swali hilo litawapeleka wenyewe kwenye maghala, madeni na umoja.

Na kama una nafasi ya mifano miwili, changanya Burma na Tanganyika. Katika moja mkulima alikuwa na mkopo mwingi akapoteza ardhi, katika nyingine alinyimwa mkopo akabaki na ardhi yake lakini akailima zaidi kwa malipo kidogo. Waulize wasikilizaji yupi aliumia zaidi, na uwape nusu saa.